Naomba ushauri: herufi za vibao vya korido ya hospitali

Wakuu, naomba ushauri. Nimepewa kazi ya kuandika vibao vya ndani kwenye hospitali moja hapa Mbeya. Korido ina urefu wa mita 18, na mgonjwa akiingia mlangoni anatakiwa aone kibao cha "Magonjwa ya wanawake" kule mwisho.

Mimi hutumia kipimo cha milimita 25 za urefu wa herufi kubwa kwa kila mita 3, kwa sababu wazee wengi macho yamechoka. Kwa mita 18 inakuja milimita 150. Shida ni kwamba maneno hayo kwa ukubwa huo yanakula karibu mita 2, na mbao nilizopewa zina mita 1.2 tu. Nikibana herufi zisogeleane, kwa mbali zinakuwa doa.

Nimefikiria kushusha hadi milimita 75, zinazosomeka toka mita 9, kisha niweke kibao kingine chenye mshale katikati ya korido. Au pale mwisho niweke picha kubwa peke yake? Naogopa: ya maabara nilichora darubini, mama mmoja akasema ni cherehani.

Herufi ni nene kiasi, hazina mikia wala kivuli, nyeupe juu ya bluu iliyokoza. Mwenye kazi anataka maneno yote yawe kwa herufi kubwa na rangi ya kung'aa, wakati dirisha liko mkabala na mwanga utarudi machoni.

Waliowahi kufanya hospitali au shule, mngechagua lipi?