Naomba ushauri: kuomba kazi kampuni ikiwa inanunuliwa

Wadau, kuna nafasi ya uhasibu Westlands, katika kampuni inayongoja idhini ya Mamlaka ya Ushindani inunuliwe na mshindani wake. Wasiwasi wangu ni kwamba wahasibu wako pande zote mbili, na hapo ndipo watu hupunguzwa kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai fidia ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo mwenye miezi minane hana fidia hiyo. Wakati mwingine Mamlaka huweka sharti la kutopunguza wafanyakazi kwa muda fulani. Je, humkinga anayeajiriwa sasa? Niombe notisi ya miezi mitatu kwenye mkataba, au ningoje uamuzi?