Tupeane uzoefu: mteja wa kila siku anadaiwa, na anataka kukopa tena

Mwanzisha mada, Mbagala:
Wenzangu wenye maduka, mnamkataliaje mteja wa namna hii bila kumpoteza? Jirani mmoja namdai shilingi 38,000 tangu mwezi uliopita, na jana jioni alimtuma mwanawe achukue unga kilo mbili na mafuta ya kupima, "mama amesema uandike." Sukari hunibakizia shilingi 150 kwa kilo, kwa hiyo deni hilo linazidi kidogo faida ya mifuko mitano ya kilo 50. Nilimpa mtoto unga kilo moja, mafuta nikayazuia. Leo asubuhi nimemwona mama akitoka duka la pili na mkate.

Mwenye duka, Morogoro:
Mtoto hapewi jibu la deni, kwa sababu atalisema nyumbani mbele ya yeyote aliyepo. Mwambie tu kwamba una mazungumzo na mama yake. Mama akija, subiri wateja wengine waondoke, fungua daftari, msomee alichochukua tarehe kwa tarehe, kisha umwache ataje mwenyewe atalipa kiasi gani na lini. Ugumu huanza akishalipa. Wengi hulipa 10,000 asubuhi na jioni wakakopa vitu vya 9,000, hivyo ukadhani unalipwa ilhali deni limepungua kwa 1,000 tu. Mimi humwambia mteja kwamba hadi ukurasa wake ufutwe tutauziana kwa taslimu, hata kama ni robo ya sukari, na robo hiyo humpimia vizuri kama zamani. Huo mkate wa duka la pili huenda alilipia taslimu, nawe ungeweza kumuuzia.

Mchangiaji, Tanga:
Mimi naona dawa ni kuwaongezea bei wakopaji. Kitu cha 2,000 naandika 2,300.

Mwenye duka, Morogoro:
Ukimwambia mapema, sawa. Akigundua kwenye daftari, atagombana nawe kuhusu hesabu na hatalipa hata ile halali.

Mchangiaji, Mwanza:
Hata mimi nimenyimwa! Muuzaji wa jumla alinikatalia katoni mbili za sabuni kwa kuwa nilikuwa sijamaliza kulipia za awali. Nifanyeje?

Mteja tu, Dodoma:
Niruhusuni niseme kwa upande wetu. Mimi nilikataliwa kwa sauti kubwa huku watu wamejaa dirishani, nikalipa deni lote siku ya mshahara, na tangu hapo nanunua kwingine ingawa ni mbali. Nilikuwa nadaiwa kweli, hilo sibishi, lakini sauti ile haikuwa ya lazima.

Mwanzisha mada, Mbagala:
Nimewaelewa kuhusu mtoto. Sasa kwa kuwa haji dukani, nimfuate nyumbani?

Mchangiaji, Tanga:
Mfuate, fedha ni yako.

Mwenye duka, Morogoro:
Mimi nisingekwenda kabla ya kujua kama mumewe ana habari za deni hilo.