Barua ya kazi kwa mpiga video: somo moja la dakika 25 au vipande vinne vya dakika 5? Naomba maoni kabla sijaituma

Afisa_Programu_Dom
Wakuu, habari za kazi. Wiki hii natakiwa kutuma barua ya kumpa kazi mpiga video wa hapa Dodoma. Atatutengenezea video ya mafunzo ya kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Nimekwama kati ya kuagiza somo moja la dakika 25 na kuagiza vipande vinne vya dakika 5 kila kimoja. Bei aliyonipa inakaribiana kwa yote mawili. Rasimu yangu ni hii:

"Mradi unakupa kazi ya kutayarisha video ya mafunzo kuhusu uhifadhi wa mahindi. Utapiga picha vijijini kwa siku nne na kukabidhi video iliyokamilika, yenye ubora wa hali ya juu, ndani ya siku 30. Malipo yatafanyika baada ya kazi kukubaliwa."

Mnaonaje?

Kamera_Mbili
Mkuu, kabla ya kuchagua urefu tuambie: nani ataitazama, kwa chombo gani na kwa lugha gani? Nani atasema kazi imekubaliwa? Picha zitapigwa mwezi gani? Barua yako haina hata kimoja kati ya hivyo, na "ubora wa hali ya juu" haupimiki. Mpiga video akikuletea kazi yenye picha safi lakini sauti imejaa upepo, utaikataa kwa kifungu kipi?

Mtaa_wa_Picha
Chukua dakika 25, moja iliyoshiba. Weka droni ionyeshe mashamba ya Kongwa kutoka juu, piga kwa 4K, weka muziki mzuri. Wafadhili wanapenda kitu kama hicho, na mradi unaofuata utakuwa wako.

UganiKwanza
Anayefundishwa hapa ni mkulima, mfadhili haji kufunga gunia. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na haionyeshi namna ya kufunga nailoni. Muda na pesa hizo ziende kwenye picha za karibu za mikono.

Gunia100
Samahani wadau, hiyo mifuko kwa sasa Kibaigwa inauzwa bei gani? Na ukishaweka mahindi unachanganya dawa kiasi gani kwa gunia la kilo 100? Mimi dumuzi wamenimaliza.

UganiKwanza
Ndugu Gunia100, ndani ya mfuko huo hupaswi kuweka dawa yoyote. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa. Bei waulize mawakala wa pembejeo sokoni. Ila mwanzisha mada, swali hili liweke kwenye barua yako. Kama mkulima anauliza dawa, basi kipande kimojawapo lazima kitamke wazi kwamba dawa haihitajiki.

Afisa_Programu_Dom
Asanteni. Nilizoacha ni hizi: watazamaji ni wakulima wa vijiji sita wilayani Kongwa, wengi wao akina mama. Maafisa ugani wataonyesha kwa projekta ndogo ya betri, kisha kila kikundi kibaki na video kwenye simu. Tunaanza na Kiswahili, Kigogo kitafuata bajeti ikiruhusu. Picha tungependa zipigwe Julai.

Kamera_Mbili
Sasa tunaweza kusema kitu. Chagua vipande vinne, na sababu ya kwanza ni simu. Video ya kawaida inayotumwa WhatsApp kwa muda mrefu ilibanwa kwenye MB 16. Dakika 5 ni sekunde 300. MB 16 ukizigawa humo unapata kama kilobiti 427 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na kwa skrini ya simu ndogo bado mikono inaonekana. Dakika 25 kwa ukubwa uleule zinakupa kilobiti 85 tu kwa sekunde. Hapo kamba na nailoni vyote ni ukungu. Mpiga video anaweza kutoa nakala ya simu kwa amri kama hii:

```
ffmpeg -i somo3.mp4 -vf scale=640:-2 -c:v libx264 -b:v 350k -c:a aac -b:a 48k somo3_simu.mp4
```

Kwa dakika 5 faili itatoka kwenye MB 15 hivi.

Mtaa_wa_Picha
Hiyo MB 16 ni habari ya zamani mkuu. Siku hizi unatuma kama faili ya kawaida hadi GB 2. Dakika 25 zinapita bila shida.

Kamera_Mbili
Kutuma kama faili inawezekana, hapo uko sahihi. Lakini anayepokea analipa bando na anajaza memori ya simu. Dakika 25 kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 1.5. Nani Kongwa atalipia hiyo ili ajifunze kufunga nailoni?

Sababu ya pili ni mtiririko wa kazi yenyewe. Kipande cha kwanza ni kukausha na kupima unyevu. Cha pili ni kukagua mfuko kwa kuupuliza hewa na kuuminya, usikie kama unavuja. Cha tatu ni kujaza na kufunga, cha nne ni kutunza na kufungua. Afisa ugani anaonyesha kimoja, anasimamisha, watu wanafanya kwa mikono, kisha anaendelea.

UganiKwanza
Naongezea kipimo cha chumvi, maana ndicho huharibika sana kwenye kamera. Unachukua chupa kavu ya kioo, mahindi yafike theluthi, unaweka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa dakika moja na kuacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Chumvi ni nyeupe, na wapiga picha wengi huweka chupa mbele ya ukuta mweupe au juani saa sita. Haionekani kitu. Andika kwenye barua: chupa mbili, moja ya mahindi makavu na nyingine ya mabichi, kitambaa cheusi nyuma, kivulini.

Kwenye kufunga, kamera ikikaa mbele ya mfungaji, viganja vinaficha kamba. Kila hatua ipigwe mara tatu: kwa mbali, kwa karibu, na juu ya bega la mfungaji ili mtazamaji aone kama anavyoona mikono yake mwenyewe. Na nailoni mbili zifungwe moja moja: ya ndani inabanwa hewa itoke, inasokotwa, inakunjwa, inafungwa, ndipo unahamia ya pili. Mhariri asiyejua kilimo hukata ufungaji wa nailoni ya pili akidhani ni picha iliyorudiwa.

Mkataba_Safi
Nitaeleza kwa urefu jambo lililotokea kwenye mradi mmoja, sitautaja, kwa sababu rasimu yako inaelekea hukohuko. Barua yao ilidai "video moja iliyokamilika". Mpiga video alileta MP4 moja nzuri kabisa: msimulizi, muziki na sauti za kijijini vyote vimechanganywa kwenye njia moja. Alilipwa. Baada ya miezi kadhaa wakataka kuweka lugha ya pili. Huwezi kumtoa msimulizi ukabakiza sauti ya mahindi yakimiminika, na maandishi ya Kiswahili yalikuwa yamechomwa kwenye picha. Wakaomba picha ghafi. Kumbe memori kadi zilishafutwa kwa ajili ya kazi nyingine, na barua haikumtaka azitunze. Msimu wa mavuno ulikuwa umepita, hapakuwa na mahindi ya kukausha uwanjani, ikabidi wasubiri mavuno ya mwaka uliofuata na walipe upya.

Kwa hiyo sehemu ya makabidhiano isomeke hivi:

"Utakabidhi, kwa kila somo kati ya manne: (a) nakala kuu ya MP4, 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, (b) nakala hiyohiyo isiyo na msimulizi, muziki wala maandishi, yenye sauti za mazingira pekee, (c) sauti ya msimulizi katika faili ya WAV peke yake, (d) nakala ya simu isiyozidi MB 16, (e) maneno ya msimulizi yakiwa na muda wa kila sentensi, pamoja na faili ya SRT. Picha ghafi zote zitakabidhiwa kwenye diski mbili zenye maudhui sawa, na hutazifuta kwako hadi upokee hati ya kukubali kazi."

Diski ya TB 1 inatosha. Kamera ya megabiti 50 kwa sekunde inakula kama GB 22 kwa saa.

Mtaa_wa_Picha
Hapo kwenye picha ghafi napinga. Ghafi ni mali ya mpiga picha. Mteja ananunua kazi iliyokamilika, akitaka ghafi aongeze bei. Vinginevyo kesho unampa mhariri wa bei chee, jina langu linabaki kwenye kazi mbovu.

Mkataba_Safi
Aliyelipa ndiye mwenye mali.

Kamera_Mbili
Msibishane kwa hisia. Suala hili likiandikwa kabla ya bei kutajwa halina ugomvi, likiachwa linakuwa kesi. Njia ya kati ipo: ghafi zikabidhiwe kwa matumizi ya mafunzo na tafsiri tu, mpiga video abaki na ruhusa ya kuonyesha sampuli zake. Mstari wa bei ya ghafi uwe peke yake kwenye ankara.

Mwanzisha mada, kalenda yako ina kasoro kubwa kuliko hayo yote. Somo la nne ni kufungua mfuko. Ukijaza Julai, huna cha kufungua Julai. Ama mtafute mkulima aliyehifadhi msimu uliopita na bado hajafungua, ama barua igawe kazi mara mbili: siku nne za Julai na siku moja ya Januari. Siku 30 hazitoshi kwa njia ya pili.

Afisa_Programu_Dom
Hilo la kufungua sikuliona kabisa. Fedha zetu zinafungwa Desemba, kwa hiyo itabidi nitafute mifuko ya msimu uliopita. Je, malipo? Uhasibu wanataka kulipa yote mwisho.

Kamera_Mbili
Mpiga video mdogo hawezi kubeba mafuta, posho ya msaidizi na diski kwa siku 30 bila kitu. Asilimia 30 mswada ukikubaliwa, 40 rasimu za masomo manne zikiwasilishwa, 30 diski zikipokelewa na kufunguliwa kwenye kompyuta yenu. Taja kwamba kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa, asije akashangaa. Masahihisho yawe awamu mbili, na maoni yote yapitie kwa mtu mmoja kwa maandishi.

UganiKwanza
Na huyo mmoja awe na ofisa kilimo wa halmashauri wa kupitisha mswada kabla kamera haijatoka. Kosa la kilimo likigundulika baada ya kupiga picha, halirekebishiki kwa uhariri. Julai Dodoma ina upepo, hivyo taja maikrofoni ya kubana kwenye nguo yenye kinga ya manyoya, na kupiga asubuhi kabla ya saa nne.

Mkataba_Safi
Fomu za ridhaa pia, kwa saini au dole gumba, kila anayeonekana sura. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si la hiari. Zikusanywe palepale uwanjani na zikabidhiwe pamoja na diski.

Mtaa_wa_Picha
Fomu akusanye mradi. Mpiga picha akianza kugawa karatasi, mwanga wa asubuhi umekwisha.

Afisa_Programu_Dom
Nimekubali vipande vinne na makabidhiano kama alivyoandika Mkataba_Safi. Fomu nitampa ofisa ugani wa kila kijiji. Picha ghafi nimeziwekea mstari wake wa bei, ila manunuzi wanauliza kwa nini walipe mara mbili kazi moja. Kuna aliyewahi kuona barua iliyoeleza hilo wakakubali?

Gunia100
Na kile kiroba cha nje kikichanika lakini nailoni zote mbili nzima, mfuko bado unafaa?

UganiKwanza
Unafaa, ila usiunyanyue kwa kiroba hicho, hamishia nailoni kwenye kiroba kingine. Hili nalo liingie somo la pili.