Naomba ushauri: akaunti ya filamu kwenye kompyuta ya saiba

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kwenye jambo moja la kutazama filamu saiba.

Najua kufunga dirisha tu hakutoshi, maana kuki inabaki kwenye brauza na anayekaa baada yako anaikuta akaunti wazi. Kwa hiyo utaratibu ni kufungua dirisha la siri kwanza (Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox), kukataa brauza ikiuliza kuhifadhi nenosiri, na mwishoni kubonyeza Sign out. Baada ya hapo funga madirisha yote ya siri. Likibaki moja hata chini kabisa limefichwa, kuki bado zipo, kwa sababu yanatumia kuki zilezile.

Sasa tuseme muda umeisha, skrini imejifunga kabla hujabonyeza Sign out, na ulikuwa kwenye dirisha la kawaida. Kwa simu unaweza kuingia kwenye akaunti na kuchagua Sign out of all devices. Lakini kama nenosiri lilihifadhiwa kwenye ile brauza, mtu anaingia tena kwa kubofya mara moja, kwa hiyo lazima libadilishwe pia. Hapo sina shaka.

Shaka yangu ni programu za kunasa vitufe. Dirisha la siri halizizuii hata kidogo. Je, kuingia kwa kodi ya mara moja inayotumwa kwenye simu, bila kuandika nenosiri kabisa, kunatosha? Au bora kuachana na kompyuta ya saiba?