Nisaidieni jinsi ya kukariri viambishi vya Kituruki, vinanichanganya na biashara inayumba

Bi_Mitandio
Wakuu, habari za jioni. Nauza mitandio Kariakoo, mzigo nautoa Istanbul, eneo la Laleli. Mwanzo nilikuwa naongea na muuzaji wangu kwa Kiingereza cha kuunga unga, lakini yeye hakijui vizuri, kwa hiyo mwaka jana nikaanza kujifunza Kituruki mwenyewe.

Maneno nayashika. Kinachonishinda ni hivi vimkia vya nyuma. Wingi mara ni -lar, mara -ler. "Kutoka" mara ni -dan, mara -den, mara -tan, mara -ten. "-angu" ina sura nne: -ım, -im, -um, -üm. Nimeandika jedwali la kurasa nne, nalikariri kila usiku, asubuhi limefutika. Kuna mwenye njia rahisi ya kukariri? Nina haraka.

Dereva_wa_Fuso
Dada pole. Mimi nilibeba mizigo ya Wakongo miaka mitatu, Kilingala sikuwahi kujifunza hata neno moja na hela yangu sikuikosa. Tafuta mkalimani.

Kipanga
Rahisi sana hiyo. Angalia irabu ya kwanza ya neno. Ikiwa e, i, ö au ü, kimkia kinakuwa na e. Ikiwa a, ı, o au u, kinakuwa na a. Ev ni nyumba, basi evler. Okul ni shule, basi okullar. Kwisha habari.

Mzee_wa_Izmir
Kipanga, kundi umelipanga sawa, ila umetazama upande usio wake. Inatazamwa irabu ya MWISHO. Bidhaa ya dada mwenyewe ndiyo ushahidi: mtandio kwa Kituruki ni eşarp. Irabu ya kwanza ni e, na kwa kanuni yako tungesema "eşarpler". Waturuki wanasema eşarplar, kwa sababu kimkia kinaigusa ile a ya mwisho. Ndugu ni kardeş, inaanza na a inaishia na e, wingi wake kardeşler.

Dada, hilo jedwali liweke pembeni. Sema e na i polepole, sikia ulimi ulivyosogea mbele. Sema a, o, u, unarudi nyuma. Ö ni e iliyosemwa huku midomo imeviringwa, na ü ni i ya namna hiyo hiyo. Ile ı isiyo na nukta ni kama unataka kusema u lakini midomo imelala. Mturuki akishapeleka ulimi mbele hataki kuurudisha nyuma anapoongeza kimkia. Hiyo -lar na -ler kwake ni kiambishi kimoja kinachofuata ulimi ulipo.

Mwalimu_Pemba
Na sisi tunayo hiyo, hatuioni tu kwa sababu tumezaliwa nayo. Lipa inakuwa lipia, funga fungia, kata katia. Lakini soma haiwi "somia", inakuwa somea. Leta inakuwa letea. Kisha inaendelea hadi mwisho wa mnyororo: pika, pikisha, pikishia, ila soma, somesha, someshea. Kuna mama yeyote aliyemkaririsha mwanawe jedwali la -ia na -ea?

Mzee_wa_Izmir
Mwalimu umenena. Tofauti ni namna ya kupanga makundi tu. Kiswahili kinaziweka e na o nyumba moja. Kwa Mturuki e na o hazikai pamoja, moja ni ya mbele, nyingine ya nyuma.

Dada, nina swali. Umesema biashara inayumba. Mtu akisema "eşarpler" Mturuki atatabasamu na kuelewa. Kukosea -lar na -ler hakujawahi kumwangusha mfanyabiashara. Nini kimetokea hasa?

Bi_Mitandio
Ni mambo ya malipo tu. Naomba tubaki kwenye viambishi.

Mama_Salma
Mwanangu, mtu akikuuliza kitu kwa nia njema mjibu. Biashara ya nje ukiificha inakuozea mkononi. Mimi nilipoteza vitenge vya mtaji mzima kwa kuona aibu kusema sikuelewa ankara.

Mzee_wa_Izmir
Weka ujumbe uliomtumia, kama ulivyo.

Bi_Mitandio
Haya. Nilitakiwa kumaliza dola 1,800 Ijumaa iliyopita. Fedha ya wateja wa jumla haikuingia, nikaona nimwambie mapema, Jumatano, kwamba Ijumaa sitaweza kulipa. Nikaandika: "Cuma günü ödemeyeceğim."

Akajibu: "Peki abla, o zaman mal da gelmeyecek." Nikatafsiriwa kwamba anasema haya dada, basi na mzigo hautakuja. Tangu hapo hajibu. Tumefanya kazi pamoja tangu 2021, sikutegemea anigeuke namna hiyo. Kuna wakala huku yuko tayari kuzungumza naye kwa asilimia 5 ya kila mzigo, na nimeshamwambia tutaanza. Msinilaumu, nina wasichana wawili dukani wanaoningoja mimi.

Chunguza
Samahani, mimi hii hadithi inanikataa. Mtu anayelia kwamba irabu zinamshinda kaandika ödemeyeceğim bila kosa hata moja. Ö ina nukta zake, e zote ziko mahali pake, ğ ina kofia, na mwisho ni -im, siyo -ım. Huyu anajua Kituruki vizuri. Naona harufu ya tangazo la wakala wa asilimia 5, kesho tutapewa namba yake.

Dereva_wa_Fuso
Hata mimi nimeanza kuona mwanga. Dada, tupe tamko.

Bi_Mitandio
Chunguza, sijamtaja wakala na sitamtaja. Simu yangu nimeiwekea kibodi ya Kituruki. Nikiandika "odeme" inaniletea maneno matatu juu, nachagua moja. Nukta na kofia vinatoka kwenye simu. Nikiandika kwa mkono ndipo utaona aibu yangu. Nimeumia kuambiwa nimetunga.

Mzee_wa_Izmir
Mimi namwamini, na Chunguza bila kukusudia amegusa penyewe. Neno lile lina upatanisho kamili wa irabu, na bado ndilo lililoleta balaa. Kosa halipo kwenye irabu. Kuna pingu moja ya mnyororo imekosekana.

Dada uliandika hivi:

öde – me – yeceğ – im
lipa – si – ta – mimi

Soma kutoka kulia: mimi, ta, si, lipa. Yaani SITALIPA. Ulimwambia umeamua hulipi. Ulichokuwa nacho moyoni ni hiki:

öde – ye – me – yeceğ – im
lipa – weza – si – ta – mimi

Ödeyemeyeceğim. Kutoka kulia tena: mimi, ta, si, weza, lipa. Sasa iweke chini ya Kiswahili: si-ta-weza-kulipa. Vipande ni vile vile, ila sisi tunavipanga mbele ya lipa na wao wanavipanga nyuma yake, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Sisi "mimi" na "si" tumevibana pamoja ndani ya si-, wao wanaviacha mbali mbali. Pengo kati ya kugoma na kukwama ni silabi moja, -ye-.

Tazama na jibu lake. Amesema gelmeyecek, "hautakuja". Kama mzigo ungekwama bandarini angesema gelemeyecek, "hautaweza kuja". Amekujibu kwa umbo lile lile ulilompiga nalo. Hajakugeuka, amekurudishia neno lako.

Kipanga
Kwa hiyo "weza" ni -ye- daima?

Mzee_wa_Izmir
Hapana. Kiini chake ni e, na y imeingia kutenganisha irabu mbili, kwa kuwa öde inaishia na e. Kwa al-, kuchukua au kununua, hakuna haja ya y hapo: almayacağım ni sitanunua, alamayacağım ni sitaweza kununua. Na hapo ndipo upatanisho unapoonekana kazini: e-me-yeceğ-im yote imegeuka a-ma-yacağ-ım, kwa sababu al- ina a. Mpangilio haujasogea, rangi tu imebadilika. Ndiyo maana nikasema jedwali la nini? Jifunze mpangilio wa vipande, rangi itafuata mdomo.

Ustadh_Maskati
Niongeze jambo kutoka huku Omani, tunao Waturuki kazini. Maneno yenye asili ya Kiarabu huwa hayafuati hiyo kanuni. Saa kwao ni saat, irabu zote ni a, lakini wingi ni saatler. Hali ni hal, wingi haller. Dada awe macho na Kiarabu.

Mzee_wa_Izmir
Saatler na haller ni kweli, Ustadh. Lakini kitap ni Kiarabu pia na wanasema kitaplar. Na lile neno la kwenye jibu la muuzaji, mal, ndiyo mali yetu hii hii, wingi wake mallar. Hal na mal zote zimetoka Kiarabu, zinafanana hadi herufi ya mwisho, moja inakwenda -ler nyingine -lar. Hayo machache ndiyo ya kukariri.

Bi_Mitandio
Nimesoma mara tatu. Mzee, nimetetemeka. Kumbe nilimwambia silipi.

Lakini wakala nimeshampa neno langu. Na bado naona ni salama zaidi, kichwa changu si cha lugha.

Mama_Salma
Neno ulilompa wakala ni la mdomo. Neno ulilompa Mturuki limeandikwa. Anza na hilo.

Mzee_wa_Izmir
Wakala utaamua mwenyewe. Ila andika ujumbe mpya sasa hivi, kwa mkono kwanza, bila kibodi, kisha uuweke hapa. Mwombe radhi, useme hukuweza Ijumaa, na useme utalipa lini.

Bi_Mitandio
"Özür dilerim abi. Cuma günü ödeyemedim. Pazartesi ödeyeceğım." Nimeacha ile yeceğ kwenye Ijumaa kwa sababu imeshapita, nikaweka -di. Ni sawa?

Mzee_wa_Izmir
Ni sawa kabisa, na -di hiyo hukuikariri kwenye jedwali langu wala lako. Öde-ye-me-di-m: lipa, weza, si, li, mimi. Sikuweza kulipa. Neno la mwisho tu, tazama -ım uliyoweka. Kabla yake kuna e, ulimi uko mbele. Mrudishie nukta yake.

Bi_Mitandio
Ödeyeceğim.

Chunguza
Kosa hilo la nukta ndilo nililokuwa nalitafuta. Dada nimefuta tuhuma yangu, uniwie radhi.

Bi_Mitandio
Yameisha kaka. Nimetuma. Tiki mbili, bado hazijawa bluu.

Ustadh_Maskati
Wakati tunasubiri, Mzee, hujanijibu. Kwa nini hal ni -ler na mal ni -lar? Nimemuuliza Mturuki wa ofisini, amesema "ndivyo inavyosemwa" akarudi kwenye chai yake.