Shilingi 6,000 kwa usafi wa ofisi Malindi: ni haki au ni uonevu?

Kahindi: Nimebandika tangazo hili mlangoni. Wengine wanasema naonea watu, semeni nanyi.

"Anatafutwa mtu wa usafi. Ofisi ndogo, vyumba 3 na choo 1, mjini Malindi. Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 12 asubuhi. Kufagia, kupiga deki, kupangusa meza, choo, kumwaga taka, chai ya wafanyakazi na kutumwa kidogo. 6,000 kwa mwezi. Piga simu saa 4 hadi saa 7, flashi haijibiwi."

Mwanakombo: Kuanzia saa 12 mpaka saa ngapi? Hapo ndipo penye kesi. Chai hunywewa saa 4, na akishatumwa benki foleni haimjui. Akitoka saa 3, ni saa 78 kwa mwezi, kama shilingi 77 kwa saa. Akitoka saa 6, pesa ni zile zile lakini kwa saa ni 38.

Bakari: Basi akitoka saa 3 hana lalamiko. Kwa agizo la mishahara la Novemba 2024, mtu wa usafi kwenye miji iliyokuwa manispaa, Malindi ikiwemo, kima cha chini ni karibu 14,867 kwa mwezi. Gawanya kwa saa 225 za kazi za mwezi, unapata 66. Kahindi amezidisha!

Mwanakombo: Kaka, hiyo ni ya mwezi mzima wa kazi. Jedwali la agizo hilo hilo lina safu ya siku na safu ya saa, na ya saa iko juu kuliko huo mgao wako. Na 14,867 haina pesa ya nyumba ndani.

Dama: Mimi nilipiga simu kazi kama hii, nikaambiwa nitume 500 ya fomu kwanza. Nilituma. Namba ikazimwa. Kahindi, na wewe unataka ya fomu?

Kahindi: Hapana dada, hakuna fomu wala pesa. Unapiga, unakuja kuonana nami.

Dama: Haya. Natoka Muyeye, boda 50 kwenda na 50 kurudi. Siku 26 ni 2,600. Nabaki na 3,400. Na sabuni ni ya nani? Nilikotoka nilinunua mwenyewe mpaka glavu, na maji ya kisima yale ya chumvi sabuni hayashiki, sakafu ikikauka inabaki na michirizi, unarudia tena.

Bakari: Lamu wangezipokea hizo 6,000 mbiombio.

Mwanakombo: Lamu haikuwa manispaa, iko kwenye safu ya chini kabisa. Usilinganishe.

Kahindi: Nimebadilisha: saa 12 hadi saa 3, sabuni na glavu zangu, chai tutapika wenyewe. Pesa siwezi kuongeza kabla ya Januari.

Dama: Na nauli?