Kipunji kwenye pakiti ya kripsi: tumweke au tumwache?

Mkaanga kripsi, Uyole: Nakaanga kripsi za viazi, pakiti ya gramu 25, na wateja wangu wengi ni maduka yaliyo jirani na shule za msingi. Nimechorewa katuni ya kipunji, yule tumbili wa misitu ya huku kwetu, anayeruka kutoka mtini huku ameshika pakiti. Watoto wa mtaani nimewaonyesha, wameipenda kweli. Mke wangu anasema huko ni kuwawinda watoto wa watu. Mnasemaje?

Mchoraji, Soweto Mbeya: Kaka, hilo la "wameipenda" liweke pembeni. Mtoto akiulizwa na mtu mzima kama anapenda kitu, atasema ndiyo hata kama amechukia, hasa ukiwa na pakiti mkononi. Mimi huwauliza maswali mawili tu: "Huyu anafanya nini?" na "Wewe ukiwa na hii, utafanya nini?" Kisha nanyamaza.

Nikupe lililonikuta. Kuna mteja wa maziwa ya mtindi alinipa kazi ya tumbili. Nikamchora anacheka, meno yote nje. Nikawaonyesha watoto kumi na wawili, mmoja mmoja, bila mama zao kuwasaidia kujibu. Wa miaka minne na mitano wakaniambia anataka kuuma, na mmoja akasema analia. Wala hawakukosea, maana tumbili halisi akikutolea meno hakuchekei. Nikafunga mdomo, nikaacha macho na mashavu yabebe furaha.

Mchoro wa pili alikuwa anaruka, kama huyo wako. Nilipouliza swali la pili, watoto wanne walijibu kwamba wakinywa mtindi ule wataruka kutoka juu kama yeye, na mmoja akanionyesha ukuta wa jirani. Pale kwenye karatasi hapakuwa na neno lolote linalosema hivyo, ni picha tu. Mchoro wa tatu nikamkalisha chini, miguu imenyooshwa, anakula. Mteja alilalamika kwamba tumbili amepooza, lakini ndio uliochapwa.

Mwenye duka, Tukuyu: Kwanza kipunji ni wa kwetu Rungwe. Mababu walimjua zamani, wataalamu wakaja kumwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani 2005. Sasa mtu wa Uyole anamchukua, kamuuliza nani? Halafu tumbili kwa ujumla wake ni mwizi. Mimi wamenimalizia mahindi nusu eka mwaka jana, nyie mnampamba kwenye pakiti.

Mfanyabiashara, Iringa mjini: Mzee wangu wa Tukuyu, kipunji yupo pia msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa upande wa Kilolo. Kwa hiyo na sisi tuna hisa.

Turudi kwenye swali. Nijuavyo mimi, nchi za wenzetu kama Chile zimeshapiga marufuku katuni kwenye vyakula vyote vya watoto. Hapa kwetu, ukishapata alama ya TBS umemaliza, hakuna atakayekugusa. Chapa, uza.

Mwalimu wa awali, Mafinga: Kaka wa Iringa, alama ile inahusu chakula chenyewe. Haisemi mtoto wa miaka mitano ameelewa nini akitazama pakiti.

Nilijaribu darasani kwangu, nikashika pakiti ya biskuti yenye katuni na kuuliza kwa nini wameweka huyu hapa. Wa awali wakasema, "Ili tujue ni tamu." Nikaenda kuwauliza wa darasa la nne, wakacheka: "Ili tununue, mwalimu." Hapo ndipo penye tofauti. Mpaka afike kama miaka minane hivi, mtoto haoni kwamba kuna mtu nyuma ya katuni anayetaka hela yake. Kwake yule ni rafiki anayemwambia ukweli. Marekani walichapisha mwaka 2010 jaribio la watoto 40, wa miaka minne hadi sita, waliopewa vitafunio vilevile katika pakiti mbili, moja ina katuni na nyingine haina. Wengi walisema cha kwenye katuni ni kitamu zaidi. Kwenye karoti nguvu hiyo ilipungua. Maana yake katuni inabebana vizuri na kile ambacho mtoto tayari anakipenda.

Kwa hiyo mama wa Uyole namwunga mkono, ingawa neno "kuwinda" ni kali.

Mchoraji, Soweto Mbeya: Na Chile hawakufuta katuni zote. Sheria iliyoanza 2016 inazikataza kwenye vyakula vinavyozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati. Chakula kisichovuka kiwango kinaruhusiwa kuwa na katuni yake.

Tumpime kaka wa Uyole kwa kipimo hicho, ingawa hapa hakimbani. Kaka, unatia chumvi kiasi gani?

Mkaanga kripsi, Uyole: Gramu 15 kwa kilo ya kripsi zilizokwisha iva. Mafuta ni ya mawese.

Mchoraji, Soweto Mbeya: Basi gramu 100 zina gramu moja na nusu ya chumvi, sawa na miligramu 590 hivi za sodiamu. Kiwango cha Chile cha sasa ni 400. Ukishuka hadi gramu 10 za chumvi kwa kilo, chumvi utapita. Lakini nishati hupiti hata ufanyeje. Kripsi za kukaanga huzidi kilokalori 500 kwa gramu 100, na ukomo wao ni 275. Hiyo si kasoro ya mtambo wako, ndivyo kripsi zilivyo.

Mfanyabiashara, Iringa mjini: Sawa, kwenye "vyote" niliteleza. Lakini mkumbuke jamaa anashindana na pakiti za Dar zenye simba, roboti na kila kitu. Akitoka na pakiti tupu anakufa njaa yeye na aliowaajiri.

Mwalimu wa awali, Mafinga: Hilo sina jibu lake.

Mwenye duka, Tukuyu: Mimi natoa la dukani. Watoto hapa hurushia nyani maganda na vitafunio kule barabarani. Ukimchora kipunji anashika kripsi, umewafundisha kumlisha. Mwingine atang'atwa. Na kipunji wamebaki wachache.

Mchoraji, Soweto Mbeya: Mzee umenipiga bao, hilo sikuliwaza. Kumbe hata yule wangu aliyeketi anakula ana tatizo hilohilo.

Mkaanga kripsi, Uyole: Nawasikia. Ninayo bidhaa nyingine, ndizi za kukausha kutoka Rungwe, sitii sukari wala mafuta. Haziendi kabisa. Nikimhamishia kipunji kwenye ndizi, akae tawini hana kitu mkononi, kripsi zibaki na picha ya kiazi?

Mchoraji, Soweto Mbeya: Ningefanya hivyo. Ila jina kwenye pakiti zako zote ni lilelile na rangi ya kijani ni ileile, na mtoto asiyejua kusoma anatambua kwa rangi. Ataziona kripsi atasema "za kipunji". Ungebadili rangi ya kripsi.

Na kabla ya kuchapa, print mchoro kwa ukubwa wa pakiti yenyewe, uushike mbali hatua tatu. Kipunji ana kishungi kirefu kichwani. Kwenye nailoni vinywele vyembamba hujaa wino vikawa doa, na kwa mtoto doa lile ni pembe.

Mkaanga kripsi, Uyole: Rangi siwezi sasa, pleti za kuchapia pakiti za kripsi nimeshazilipia, nne. Ndizi nitaanza nazo upya. Huyo wa kuruka ameshatoka kwenye kripsi pakiti elfu tatu, zipo stoo. Mke wangu anataka nizibandike stika juu yake. Mnaonaje, au niziuze ziishe?

Mwenye duka, Tukuyu: Ziuze.

Mwalimu wa awali, Mafinga: Bandika stika.